Nimejitoa tarehe haijafika, wamekata hela ya mwezi mwingine!

Wakuu, nina hasira hata chai haipiti. Nina studio ndogo ya picha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kuna programu ya kusafishia picha, dola 12 kwa mwezi, inakata yenyewe kwenye kadi ya mtandaoni. Harusi zimepungua, nikaona nijitoe. Kwenye akaunti pameandikwa `Renews on 15 March`. Tarehe 14 nikafunga studio, nikala, saa 3:10 usiku nikabonyeza `Cancel`. Ikaniambia nitatumia hadi 15 Aprili. Aprili?! Kucheki meseji, hela ilishakatwa saa 1:04 jioni, tarehe 14 hiyohiyo! Nimewaandikia, wanasema nilichelewa masaa mawili. Nimechelewaje na 15 haijafika? Huu si wizi?

Kijana wa Uyole: Seva zote zinafuata saa ya dunia, UTC, mkuu, na sisi tumeitangulia kwa masaa matatu. Ulikuwa na muda hadi saa 9 usiku. Umepigwa, kadai.

Mama Tukuyu: Hata mimi nilinunua kifurushi cha siku saa 2 usiku, saa 6 kikafa. Lao moja hawa.

Fundi Malipo, Iringa: Si zote, kijana. Mwenye uzi, soma risiti kwenye barua pepe, pale penye saa.

Mwenye uzi: `15 Mar 00:04 (UTC+8)`

Fundi Malipo, Iringa: Ndiyo hiyo. Wanahesabu kwa saa kama za Singapuri, masaa matano mbele yetu. Saa 6 usiku kwao, kwako ni saa 1 jioni. Tarehe 15 yao ilipoingia, mashine ikaanza kupitia akaunti zinazodaiwa, ikakufikia dakika ya nne. Ulipobonyeza wewe, kule ilikuwa saa 8:10 usiku, tarehe 15. Ulichozuia ni makato ya Aprili. Risiti ingesema UTC tupu, kijana angekuwa sahihi. Ila waliojiunga kupitia duka la Apple wasijidanganye na hilo: masharti yanaruhusu kukata ndani ya masaa 24 kabla ya muda kuisha.

Mwanachuo Mkwawa: Si angeacha kadi tupu tu?

Fundi Malipo, Iringa: Kadi tupu haikutoi. Wengi hujaribu tena siku zinazofuata. Siku ukiweka hela ya shughuli nyingine, inabebwa.

Mwenye uzi: Sawa, lakini waandike saa na ni ya wapi, si tarehe peke yake! Halafu nilingoja siku ya mwisho makusudi, nisipoteze siku nilizolipia.

Fundi Malipo, Iringa: Hapo ndipo wengi tunapokwama. Huduma nyingi ukijitoa hata wiki kabla, unatumia mpaka siku zako ziishe. Majaribio ya bure ndiyo ya kuangalia, mengine hufungwa palepale. Waandikie tena leo, uwaambie hujaifungua tangu wakate. Wengine hurudisha, wengine hukomaa.

Mwenye uzi: Nimetuma. Kimya mpaka sasa.

Mama Tukuyu: Na kifurushi changu je?