Modeli imemsahau mgeni wa karanga, naomba ushauri

Wakuu habari. Niko Arusha, napanga safari za wageni kwa msaada wa modeli ya lugha. Chati moja ya kundi la watu 8 nimeivuta wiki tatu sasa. Siku ya kwanza kabisa niliandika kwamba mgeni mmoja ana mzio wa karanga. Jana, kwenye chakula cha mchana cha Tarangire, ikaniwekea kuku wa karanga! Nikaiuliza sharti langu la kwanza lilikuwa lipi, ikajibu kwa kujiamini kitu ambacho sijawahi kusema.

Kijana wetu wa kompyuta anasema modeli yenyewe haikumbuki. Kila nikituma ujumbe, inasomeshwa chati upya, na dirisha lake, yaani maandishi inayoweza kusoma kwa mara moja, lina kikomo cha tokeni, vile vipande vya maneno. Likijaa, programu hukata jumbe za mwanzo au kuzifupisha, mara nyingi kimyakimya. Kiswahili nacho hulijaza haraka, maana neno kama "hawatakula" hukatwa vipande kadhaa.

Masharti yote nimeshayaweka kwenye ujumbe mmoja mfupi. Je, niurudie kila ninapoanza siku mpya ya ratiba, au nifungue chati mpya nianze nao? Na bei za lodji zilizoko kule juu nizihamisheje?