Kunyoa mwili mzima kabla ya mashindano ya kuogelea: ninyoe lini?

Dolfini_SouthB: Habari zenu wakuu. Jumamosi ya wiki ijayo naogelea mita 100 Kasarani na kocha anataka tunyoe mwili mzima. Nywele zangu ni za kipilipili, na nikinyoa ndevu kwa wembe shingo hujaa vipele. Ninyoe lini nisifike pale nikijikuna?

Mzee_wa_Pedali: Nyoa wiki moja kabla, ngozi ipate kupona. Sisi wa baiskeli tunanyoa miguu mapema, maana jasho kwenye mkwaruzo mbichi linachoma vibaya.

Mama_Taulo: Mzee, hiyo ni hesabu ya barabarani. Baada ya wiki nywele zimeshachipuka, na muogeleaji anataka ngozi laini siku yenyewe. Tena nywele za kipilipili zikikatwa hubaki na ncha kali, zikikua zinajipinda na kuchoma ngozi. Vipele huja siku chache baadaye. Kwa hiyo nyoa Ijumaa jioni, vikija uwe umeshaogelea.

Leo jaribu shavu la mguu mmoja tu, uone ngozi yako inasemaje. Ijumaa punguza kwanza kwa mashine, maana wembe ukikutana na nywele ndefu unaziba na utaanza kukandamiza. Oga maji ya vuguvugu, paka povu, tumia wembe mpya, fuata nywele zinakolala. Usivute ngozi. Ukiivuta, nywele hukatwa chini ya uso wake na kuanza kuota kwa ndani. Pitisha mara moja, palipobaki vinyweleo paache. Mgongo nyolewa na mwenzako, lakini kila mtu na wembe wake.

Kijana_Ngong: Na kinena je? Mimi nilinyoa kabla ya kupanda Ngong, tandiko likanisulubu wiki nzima.

Mama_Taulo: Hapo kwa mwendesha baiskeli ni mashine tu, wembe hapana. Dolfini, wewe nyoa kinachobaki nje ya vazi.

Dolfini_SouthB: Krimu ya kuondoa nywele je?

Mama_Taulo: Haiachi ncha kali kama wembe, ila huunguza baadhi ya watu. Ijaribu sehemu ndogo leo, si Ijumaa.

Mzee_wa_Pedali: Na vipele vikishatoka? Mimi huvichokonoa kwa sindano.

Mama_Taulo: Acha hiyo sindano, inaacha makovu meusi. Weka wembe kando nywele zikue, kanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, na losheni yenye asidi ya salisiliki husaidia, ila si kwenye ngozi uliyonyoa leo. Ukiona wekundu unasambaa, usaha au homa, nenda kliniki.

Kijana_Ngong: Lakini kweli kunyoa kunaongeza kasi, ama ni kichwa tu?

Mama_Taulo: Wembe huondoa pia ngozi iliyokufa, ukiingia unayasikia maji upya. Mikono kuanzia kiwiko kushuka ndiyo hatukubaliani, kuna makocha wanaoiacha.

Dolfini_SouthB: Sawa mama. Shavu la mguu wa kushoto nalianza leo usiku.