Humtaki mtu si umwambie! Muhali gani huu wa kuingia mitini?

BintiMkunazini: Watu wa Unguja na Pemba, imezidi sasa. Mtu anakuamkia kila asubuhi, habari ya posa ishaanza kutajwa, ghafla kimya. Simu hapokei, meseji hajibu, lakini statasi anaangalia! Aliyeachwa anakesha anafukua meseji za zamani na kuchambua kila "insha Allah". Kusema "sitaki tena" kuna uzito gani?

YakheWaChake: Na meseji ya WhatsApp ikibaki tiki moja? Basi kakubloku, hakuna jengine.

Mkaamfano: Si lazima, yakhe. Tiki moja inasema tu meseji haijafika. Pengine simu imezima, au bando limekwisha. Na anayeangalia statasi simu anayo mkononi, hapo usitafute udhuru wa mtandao.

Wengi wao si wabaya, ni muhali. Nyumbani wamekataa posa, au moyo umepoa, na anaona haya kukutazama usoni. Anaahirisha siku moja. Siku ya pili anadaiwa maelezo ya siku mbili, ya kumi deni limekuwa kubwa kuliko habari yenyewe. Ndipo anapokata moja kwa moja.

Kuhusu kufukua: chukua "Insha Allah tutazungumza Ijumaa". Siku meseji hiyo ilipoingia uliisoma kama ahadi. Leo unaisoma kama kukwepa, kwa sababu mwisho ushaujua. Jiulize, ingekushtua siku ile? Kama hapana, si ushahidi. Kitu kimoja ndicho cha kutazama, tena mara moja tu: mwezi wa mwisho nani alikuwa akianza mazungumzo? Kama alikuwa yeye kila siku, kisha ukabaki wewe peke yako, basi alianza kuondoka kabla ya ile meseji unayojilaumu nayo. Hiyo haikumfukuza.

Kisha tuma moja, bila maswali: "Naona kimya. Nisiposikia mpaka Ijumaa nitajua umeacha." Halafu gonga Archive, mazungumzo yatoke mbele ya macho. Usifute usiku wa hasira. Wengine hujuta, wakaanza kumwomba rafiki picha za skrini.

MamaWaWete: Miye fundi wa milango kachukua malipo ya mwanzo kaingia mitini. Nimtumie hiyo ya Ijumaa?

Mkaamfano: Huyo kwa sheha, mama. Peleka na risiti.

BintiMkunazini: Muhali hauwi udhuru! Anayeona haya kusema angeandika, kalamu haina macho.

ShogaWaMalindi: Nakuunga mkono, ila si kila anayekimbia ana deni. Mwanamke aliyetishiwa au kupigwa akizima simu, asidaiwe maelezo na mtu.

BintiMkunazini: Huyo simsemi. Nawasema hawa wanaorudi baada ya miezi miwili na "mambo vipi", kama walikwenda sokoni. Hao wajibiwe au la?

YakheWaChake: Mjibu tiki za buluu.