Plagi ya waifai inapotea tangu ruta ibadilishwe, naombeni ushauri

MamaSamaki: Wakuu, habari zenu. Nina plagi ya waifai inayowasha taa ya tangi la samaki. Tangu ifungwe ruta mpya, kila mara simu inaniandikia "Offline". Jina la waifai na paswedi ni yaleyale ya zamani. Nasafiri Ijumaa, roho haitulii. Nishaagiza plagi nyingine, ila sijui kama nitakuwa nimetatua.

Fundi_Kimya: Plagi nyingi za namna hiyo zinashika 2.4 GHz tu. Ruta mpya huweka 2.4 na 5 chini ya jina moja. Zitenganishe, kwisha kazi.

MamaSamaki: Nilishatenganisha. Inashika, halafu inapotea tena.

Babu_K: Yangu ilikuwa kamera ya mlangoni. Ruta ilikuja na WPA3, kamera ikagoma kabisa. Nikarudisha WPA2, ikatulia. Hivi vitu vya kuwasha taa kwa simu mnavitakia nini lakini? Swichi ipo ukutani.

Zainab_nyaya: Babu, ya kwako iligoma tangu mwanzo, ya dada inashika na kuachia. Dada, ikipotea, taa ndogo ya plagi inapepesa au imetulia? Na kwenye orodha ya vifaa ya ruta mpya, ipo?

MamaSamaki: Imetulia. Kwenye orodha haipo.

Zainab_nyaya: Basi waifai imeshika, ila si ya ruta hiyo. Kuna kitu kingine hapo ndani chenye jina hilohilo?

MamaSamaki: Ile ruta ya zamani. Nimeichomeka kwa waya kwenye mpya ili chumbani kufike. Ila siizimi, watoto wanasomea huko.

Mpekuzi: Jambo kubwa hivyo linatajwa sasa hivi? Uzi wa kutunga huu. Subirini, atakuja mtu kuuza plagi.

MamaSamaki: Siuzi chochote ndugu yangu. Niliulizwa habari za plagi, nikajibu za plagi.

Zainab_nyaya: Uwe wa kutunga au wa kweli, tatizo hili lipo majumbani. Ruta zote mbili zinagawa anwani. Plagi ikipewa na ya zamani, inaelekezwa kutokea hukohuko, na huko intaneti haipo. Leo izime tu hiyo ya zamani, uone.

Plagi ikitulia, chomoa waya unaounganisha ruta mbili, iwashe ya zamani, unganisha simu kwenye hiyo peke yake. Ibadilishe anwani iwe `192.168.1.2` kama mpya ni `192.168.1.1`, ingia upya kwa anwani hiyo, kisha zima DHCP, ndiyo inayogawa anwani. Rudisha waya LAN kwa LAN, usiliguse tundu la WAN. Mwisho chomoa plagi uichomeke tena, iombe anwani upya.

MamaSamaki: Nimeizima tangu jana jioni, plagi haijapotea na kwenye orodha ipo. Hayo ya DHCP nitajaribu leo usiku watoto wakilala. Oda ya plagi siifuti kwanza.

Fundi_Kimya: Bado nasema acha 2.4 ijitegemee.

Zainab_nyaya: Iache, haidhuru. Ukikwama kwenye kuingia ya zamani, andika jina la ruta lililo chini yake.