Naomba ushauri: nalinda usiku, kitambi hakishuki

Wakuu, shikamooni wakubwa. Nipo Kigoma mjini, mlinzi wa ghala, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Nina kilo 94, urefu sentimita 170.

Nikitoka napitia supu na chapati mbili, saa 2 nalala. Saa 6 mchana joto na watoto wananiamsha, kwa hiyo usingizi ni saa nne tu. Saa 9 ugali mkubwa na migebuka, kisha naenda kazini.

Nilidhani shida ni ugali, nikaupunguza nusu mwezi mzima. Kilo haikutikisika. Juzi nikahesabu chai ya lindo: vikombe vitano, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Ni vijiko 20, kama gramu 80, zaidi ya kalori 300 kabla ya maandazi ya saa 8 usiku. Na ile njaa ya saa 8 naona inakuja zaidi siku nilizolala kidogo.

Sasa sukari nimeacha, nakunywa ya rangi tupu, ya mwisho saa 7 usiku ili isinifukuzie usingizi. Nimefunga pia blanketi dirishani (mke anacheka).

Ninachouliza: mlo mkubwa ubaki saa 9, halafu usiku nile mayai mawili na karanga kidogo tu? Asubuhi nilale na njaa au uji mwepesi? Na siku za mapumziko, ninapolala usiku kama watu, ratiba mnaigeuzaje?