Tupeane uzoefu: uliwezaje kuomba msaada bila kujiona mzigo kwa watu?

Kijana wa Chikongola
Naanza mwenyewe. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, nikaacha kazi Dar nikarudi Mtwara kumuuguza. Kumlisha, kumwosha, kumgeuza kila baada ya saa mbili usiku na mchana, yote mimi. Mtoto wa kiume nitaanzaje kulia shida kwa majirani? Walikuja na sukari na sabuni, wakauliza, "Tukusaidie nini?" Jibu langu siku zote: "Tunamshukuru Mungu, tunaendelea." Wanaitikia, wanaaga.

Mwezi wa nne, usiku mmoja, usingizi ulinichukua nimekaa kwenye kigoda. Nilishtushwa na adhana ya alfajiri. Mama alikuwa kwenye ubavu uleule niliomlaza saa tano. Kumwosha, nikaona ngozi ya juu ya nyonga imekuwa nyeusi kuliko kwingine, na ukiigusa ina joto. Baada ya siku chache ikachubuka. Mimi najikaza, anayeumia ni mama.

Nikaenda kwa jirani, mama mtu mzima. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Naomba Jumanne na Ijumaa, saa nane mpaka saa kumi, ukae na mama mimi nilale. Saa tisa umgeuze, nitakuonyesha. Kama una shughuli niambie tu, nitamwomba mwingine." Akanijibu, "Mwanangu, tulikuwa tunaona haya kukuingilia."

Mtu wa Newala
Pole sana kaka. Na mimi naomba mnisaidie: kikoba chetu kinadai barua ya mdhamini, nifanyeje?

Bibi Nesi, Lindi
Mtu wa Newala, fungua mada yako, tutakuja. Kijana, hapo ulipotaja siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza ndipo ulipopatia. "Nisaidie" tupu inamtisha mtu, hajui inaishia wapi. Saa mbili anazijua. Na ulipomwachia nafasi ya kukataa, akikubali unajua amekubali kwa moyo.

Nimeuguza miaka mingi, waliochoka nimewaona. Wanadhani watu watakataa. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Flynn na Lake, waliwatuma watu wakaombe wengine wajaze dodoso, wapate watano. Walikisia wangehitaji kuwaomba kama 20. Ikawa kama 10. Walikuwa wageni kabisa kwa wale waliowaomba, sembuse jirani aliyekuletea sukari.

Kuhusu ngozi: kwetu weusi usisubiri wekundu. Tafuta joto, ugumu, au rangi iliyokolea juu ya mfupa. Usipasugue. Ikichubuka, zahanati siku hiyohiyo.

Dada Mikindani
Mimi ningeandika kwenye grupu la ukoo, watu arobaini wasome kwa pamoja. Hatakosekana wa kujitolea.

Bibi Nesi, Lindi
Mwanangu, grupu linafaa kutoa taarifa na kuchanga pesa. Kazi ya mikono inataka jina la mtu. Wakisoma arobaini, kila mmoja anajua wapo thelathini na tisa wengine. Utapata "pole" nyingi na mikono ya dua.

Baba Masasi
Mimi niliomba nikaumbuka. Msimu wa kupulizia salfa niliugua, nikamwomba ndugu yangu siku mbili za mashine. Alikuja, akapuliza, halafu kijiweni ikawa hadithi kwamba bila yeye nisingepata hata kilo ya korosho. Tangu hapo, hapana.

Kijana wa Chikongola
Baba, hilo sina jibu lake. Dada yangu wa tumbo moja naye alinijibu, "Si ulijitia kuweza?" Iliniuma kuliko kukataliwa na mtu baki. Sijamwomba tena.

Bibi Nesi, Lindi
Baba Masasi, waombaji wenye busara hawamwombi kila mtu kila kitu. Yupo wa kazi na yupo wa siri. Ila nikuulize, mwaka huo mikorosho ilipona?

Baba Masasi
Ilipona.

Mama Pacha, Mtanda
Nina mume mgonjwa na watoto wachanga wawili. Kuna usiku nawaza heri kusikuche. Nimemwandikia shemeji ujumbe tangu juzi, sijautuma.

Bibi Nesi, Lindi
Mama Pacha, hilo la heri kusikuche hatulingoji Ijumaa. Leo nenda hospitali, umwambie daktari kwa maneno hayohayo uliyoandika hapa. Shemeji asikae tu na watoto, mwombe akusindikize. Nimekuandikia pembeni, nijibu.

Kijana wa Chikongola
Dada, usimtumie ujumbe. Nenda ukabishe hodi sasa hivi.

Mama Pacha, Mtanda
Nimetoka kwake. Watoto wako kwa mama mkwe. Tuko kwenye bajaji.