Naomba ushauri: riba iliyofichwa kwenye friji ya mkopo

Wakuu, naomba mnisaidie kuhakiki hesabu hii kabla mkataba haujasainiwa. Friji taslimu ni Sh 45,000. Kwa mkopo, kianzio ni 9,000, kisha 4,000 kila mwezi kwa miezi 12. Muuzaji anasema "nyongeza ni 12,000 tu", yaani asilimia 33 ya deni la 36,000.

Ila deni hilo halikai 36,000 mwaka mzima, linapungua kila mwezi, kwa hiyo riba halisi ni kubwa zaidi. Kwenye Excel:

```
=RATE(12,-4000,36000)
```

Inatoa kama 4.73% kwa mwezi. Ukizidisha mara 12 ni karibu 57% kwa mwaka; ukijumlisha riba juu ya riba ni 74%.

Kinachonitatiza ni kwamba rasimu inataka rejesho la kwanza lilipwe siku ya kuchukua friji. Hapo nimeweka:

```
=RATE(12,-4000,36000,0,1)
```

Imeruka hadi 5.72% kwa mwezi, takriban 69% kwa mwaka. Ni sahihi? Na ada ya usajili ya 1,500 wanayotozwa wa mkopo peke yao, niitoe kwenye ile 36,000? Pia, ukimaliza deni mapema, wauzaji hupunguza riba au unalipa yote?